Sauti ya Profesa Elvira

Nélida Barzola alikuwa akiapa kwamba hana wivu. Watu wa kitivo cha fasihi pale Paraná walimwitikia kwa adabu, "Wewe tena, Bi Nélida, wivu utautoa wapi," kisha wakaenda kuchekea koridoni. Kila mtu alijua kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini kibuyu cha yerba cha Profesa Elvira Zubiaurre, yale majani machungu yanayonywewa kwa mrija kama chai, kilikuwa kinajazwa na mkono mmoja tu. Mtu mwingine akithubutu kugusa ile chupa ya maji moto, karani wa masomo ya uzamili alinuna mpaka Ijumaa.

Karani mwenyewe ndiye Nélida. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuandikisha wanafunzi, kupanga siku za kutetea tasnifu, na kusimamia akaunti ya kitivo ya mikutano ya mtandaoni tangu masomo mengi yalipohamia kwenye kompyuta. Kazi yake ya moyoni ilikuwa Elvira. Alijua ni dawa gani humchefua, ni mwanafunzi gani humpandisha presha, na kwamba maji ya yerba hayatakiwi kuchemka, yafike tu pale yanapoanza kuimba kwenye birika. Elvira naye hakuwa mtu wa kuandika ujumbe kwenye simu. Alibonyeza kitufe akasema, kwa sauti yake nzito iliyoiva kwa moshi wa sigara, sauti ya mtu anayekutania huku anakusahihisha: "Neli, nimekwama hapa daraja la reli. Waambie wasubiri. Na weka maji."

Kisha sauti hiyo ikaondoka. Ilikuwa Januari, katikati ya joto. Madaktari waliona uvimbe kooni mwa Elvira, na baada ya siku chache wakamfanyia upasuaji. Kile kisanduku cha sauti wakakitoa chote. Alitoka hospitali mzima, akipumua kwa tundu shingoni lililofunikwa kitambaa chepesi, na mkononi ana ubao mdogo mweupe wa kuandikia kama mtoto wa chekechea. Mambo yalikwenda haraka mno, hakuna aliyewaza kumrekodi kabla.

Matumaini aliyaleta Analía Kessler, mtaalamu wa kuwafundisha watu kusema upya, aliyekuwa akija nyumbani kwa Elvira kila Alhamisi. Alieleza kwamba siku hizi ipo programu ya kompyuta inayojifunza sauti ya mtu. Unailisha saa kadhaa za maneno yaliyosikika vizuri, na baadaye ukiandika kwenye simu, simu inasema kwa sauti yako wewe, siyo ile ya mashine inayowatangazia watu vituo vya mabasi.

"Sasa, Profe, zipo rekodi zako popote?" aliuliza.

Elvira akaandika ubaoni: SEMINA.

Ndiyo. Mwaka mzima uliopita, kila Jumatano, alifundisha semina kwa njia ya mtandao, na kila kipindi kilirekodiwa. Rekodi zilikaa huko kwenye mashine za kampuni ya mikutano, kwa jina la Elvira kwa sababu ndiye aliyeitisha mikutano. Wanafunzi waliruhusiwa kuzitazama tu. Kuzipakua kulizuiwa kwa amri ya Elvira mwenyewe, maana hakutaka maneno yake yazagae mitaani. Hivyo nakala ilikuwa moja, na ilikuwa huko.

Juma hilohilo ikaja baruapepe kutoka kwa kampuni. Mkataba umebadilika. Zamani rekodi zilikaa bila kikomo. Kuanzia tarehe mosi Aprili, rekodi yoyote yenye umri wa zaidi ya miezi mitatu itafutwa yenyewe. Anayetaka kubaki na zake azipakue kabla. Barua ilikwenda kwa Elvira, ambaye hakuwa akifungua barua siku zile, na kwa Nélida, msimamizi wa akaunti.

Nélida aliisoma akasikia kitu kinachofanana na furaha. Mungu amsamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hatimaye kuna jambo ambalo hakuna mwingine anayeweza kumfanyia Elvira ila yeye. Akapita kwa mwokaji, akanunua vitobosha vile vya mafuta anavyovipenda profesa, akapanda ngazi mbili mbili kwenda kumpa habari.

Alipofungua mlango wa jikoni, kibuyu kilikuwa mkononi mwa Jimena.

Jimena Troncoso alikuwa mhadhiri msaidizi, msichana wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mchangamfu, mwenye tabia ya kuvua viatu katika nyumba za watu. Mwaka uliopita alimsaidia Elvira kuendesha semina, na tangu wakati huo, kwa maoni ya Nélida, hakuwa ameondoka. Sasa alikuwa amesimama pekupeku mbele ya jiko la Elvira, anamimina maji kwenye kibuyu cha Elvira, na Elvira anakipokea bila kuangalia, namna mtu anavyopokea kitu alichokwisha kukizoea.

"Bi Nélida! Karibu, kaa, nikumiminie," Jimena alisema.

"Mimi ndiye ninayemimina humu ndani, binti."

"Basi pumzika leo. Profe anasema unajichosha mno."

Nélida akaweka vitobosha mezani kwa kishindo. "Nimekuja na jambo la maana. Rekodi za semina zitafutwa mwisho wa mwezi. Mimi nitazi..."

Elvira aliinua mkono, akaandika upesi: NAJUA. JIMENA AMENISOMEA BARUA. ATAZIHIFADHI YEYE. NIMEMPA NENOSIRI LANGU.

Nenosiri! Miaka ishirini Nélida amemshikia Elvira funguo za ofisi, za nyumba, hata za lile sanduku la barua za mumewe marehemu. Nenosiri hakuwahi kupewa. Alisimama pale na koti lake, akasikia uso unamwaka.

"Msimamizi wa akaunti ni mimi," alisema.

Elvira akafuta, akaandika tena, huku anatabasamu: UNA KAZI NYINGI, NELI. MWACHE KIJANA AFANYE.

Vile vitobosha alivila Jimena. Vinne.

Usiku ule mumewe Nélida, Rubén, fundi wa friji mwenye ulimi mwepesi, alimtazama akikata vitunguu kwa hasira akasema, "Wewe na huyo profesa wako mngeoana tu, mimi ningekuja harusini na keki."

"Niache, Rubén."

"Sasa msichana wa watu amekukosea nini? Amemimina maji."

"Hujui kitu. Unajua friji."

"Friji nazijua, kweli. Na wewe leo umeganda."

Siku kumi hivi zikapita. Jimena akaja ofisini anang'ara, akasema kazi imekwisha: rekodi zote ameziweka kwenye darasa pepe la kitivo, kwenye ukurasa maalumu, kila kipindi na mada yake. Amezijaribu moja moja na zote zinacheza. Analía akija na kompyuta yake atazichukua hapo.

Nélida alisubiri atoke ndipo akafungua ukurasa. Ulikuwa mzuri, lazima akiri. Picha ya mto Paraná juu, na chini mada zimepangika. Akabonyeza ya kwanza, na uso wa Elvira ukatokea: miwani puani, sigara isiyowashwa kati ya vidole, na ile sauti. "Jamani, leo tunasoma polepole. Mwenye haraka akapande basi." Nélida alishika mdomo.

Alipoacha kulia akatazama juu ya dirisha, pale panapoandikwa anwani. Ilikuwa anwani ya kampuni ya mikutano.

Akabonyeza ya pili, ya tatu, ya mwisho. Zote vilevile. Jimena hakuwa amepakua kitu. Alichofanya ni kunakili viungo vya kutazamia na kuvipanga vizuri. Kila ukibonyeza, picha inaletwa palepale kutoka kwenye mashine za kampuni, na kwa kuwa bado zipo, zinacheza, na kwa kuwa zinacheza, mtu anaona zimehifadhiwa. Ni sawa na kuandika anwani ya nyumba kwenye karatasi ukadhani umeshika funguo. Tarehe mosi kampuni itafuta, na ule ukurasa mzuri utabaki na mto wake.

Kazi ya kupakua ingemchukua Nélida asubuhi moja. Msimamizi anaona rekodi za watu wote wa akaunti. Angeingia, angechagua, angezishusha kwenye diski yake, picha, sauti na yale maandishi yanayojiandika yenyewe. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipanya.

Akauondoa.

Alifikiria hivi, na alifikiria kwa utulivu kabisa, jambo ambalo baadaye lilimtisha kuliko mengine yote. Rekodi ikifutwa haipotei mara moja. Inakwenda kwenye pipa la takataka la akaunti, inakaa humo mwezi mzima, na msimamizi anaweza kuirudisha. Alikwisha kuwarudishia wahadhiri rekodi walizozifuta kwa bahati mbaya, tena mara nyingi. Basi wacha zifutwe. Wacha viungo vife vyote, Jimena alie mbele ya Analía na mbele ya Elvira. Halafu yeye, Nélida, atakaa kwenye kiti chake, atabonyeza mara mbili, na sauti itarudi. Elvira ataona ni mkono wa nani unaofaa kupewa nenosiri.

Rubén alipoambiwa mpango huo hakucheka. "Na ukikosea?"

"Nikosee kwenye akaunti yangu mwenyewe?"

"Mimi nakuuliza tu. Ukishazima friji, nyama haingojei."

Tarehe thelathini na moja Machi, jioni, Jimena alichungulia mlangoni amekumbatia daftari za wanafunzi. Alionekana amechoka, na kwa mara ya kwanza hakuwa anang'ara.

"Bi Nélida, samahani. Wewe ndiye mjuzi wa hii akaunti. Kesho ndiyo wanafuta. Kuna kitu nimesahau?"

Swali lilikuwa wazi, na aliyeliuliza alikuwa na nia safi. Nélida alikuwa na jioni nzima mbele yake. Hata kama angechelewa chakula, rekodi zingeshuka zote. Alimtazama yule msichana na kuona tena kile kibuyu cha siku ile mkononi mwake.

"Umefanya vizuri, binti," alisema. "Nenda kalale."

Siku ya pili yake Jimena alikuja mbio kwa ngazi, safari hii viatu mguuni, uso umemvimba. Kila kiungo alichobonyeza kilimwambia kitu kimoja: rekodi hii haipo tena. Alikuwa na simu mkononi na Analía angefika kwa Elvira saa chache baadaye.

"Zimefutwa! Zote! Lakini mimi nilizihifadhi, Bi Nélida, nilizijaribu moja moja!"

"Ulihifadhi viungo," Nélida alisema. "Faili hukuwa nazo."

Jimena aliketi sakafuni. Alilia bila kujificha, kama mtu aliyefiwa. Nélida, niseme ukweli, alimwacha alie kidogo. Akajimiminia yerba. Akanywa. Ndipo akaivuta kompyuta na kusema, kwa ile sauti aliyoifanyia mazoezi bafuni, "Tulia. Dunia haijaisha. Kuna pipa."

Akafungua ukurasa wa rekodi, akatafuta pipa la takataka. Halikuwapo.

Akaupakia ukurasa upya. Akatoka, akaingia upya. Pale palipokuwa na neno hilo palikuwa peupe. Akaingia kwenye mipangilio ya akaunti, akashuka chini, chini zaidi, mpaka alipoiona: *Ruhusu kurejesha rekodi zilizofutwa.* Kitufe kilikuwa kimezimwa, na pembeni alama ya kufuli, kuonyesha kwamba aliyekizima ni msimamizi, kwa akaunti nzima.

Msimamizi alikuwa mmoja.

Akakumbuka. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja, akitetea tasnifu kwa mtandao, wakati wa mapumziko alidhani kipaza sauti kimezimwa, akamwambia dada yake mambo ya ndoa yake, na yote yakarekodiwa. Alikuja ofisini anatetemeka, anaomba rekodi ifutwe isionekane hata na msimamizi. Nélida aliifuta, kisha kwa kutaka kazi safi akazima kabisa urejeshaji, kwa kitivo kizima, akapiga kufuli. Wahadhiri wote aliowaokoa na pipa lile walikuwa wa kabla ya siku hiyo. Elvira alimsifu sana wakati ule. "Neli, wewe ndiye kaburi la siri zetu," alimwambia, wakacheka.

Aliwaandikia watu wa huduma wa kampuni. Akajibiwa upesi, kwa upole. Urejeshaji ulikuwa umezimwa wakati wa kufutwa, kwa hiyo rekodi hazikupitia kwenye pipa, na hakuna namna ya kuzirudisha. Wakamtakia siku njema.

"Ni kosa langu," Jimena alisema kutoka sakafuni. "Nitamwambia mimi. Wewe ulijaribu."

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa wa Nélida kupitia. Alivaa koti lake, wakaenda pamoja.

Jikoni kwa Elvira, Analía alikuwa amekwisha kupanga kompyuta na vipokea sauti. Jimena alieleza kila kitu kwa kusimama, akajilaumu mwanzo mpaka mwisho. Elvira alisikiliza, mkono kwenye kile kitambaa cha shingoni. Rangi ilimtoka taratibu. Lakini alipochukua ubao hakumtazama Jimena. Alimfahamu karani wake kwa miaka mingi mno.

ULIJUA?

"Profe, yeye hana..." Jimena alianza.

Elvira akagonga ubao kwa kalamu, mara mbili, chini ya neno lile.

"Nilijua," Nélida alisema. "Niliona ni viungo tu. Nilidhani nitazirudisha kutoka kwenye pipa. Nilitaka... nilitaka uone ni mimi. Niliona wivu, Elvira. Wivu tu, hakuna kingine."

Elvira alifuta ubao kwa kiganja. Kila mtu alingoja aandike. Hakuandika. Aliuweka ubao kifudifudi mezani, akageukia dirishani, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Nyumbani Nélida aliingia chumbani na simu. Rubén alimkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda anasikiliza, na machozi yanashuka mpaka kidevuni. "Neli, nunua mkate, ule wenye maganda." Akabonyeza nyingine. "Neli, mvua gani hii, mtu anaweza kufundisha kwa mtumbwi." Nyingine. Nyingine.

Rubén alisimama na taulo begani. "Hiyo ni nini?"

"Meseji zake. Sijawahi kufuta hata moja. Kila nikibadilisha simu nazihamisha."

"Za tangu lini?"

"Tangu simu zianze kutuma sauti."

Rubén akaketi kando yake. "Mke wangu," alisema polepole, "huyo Analía wa profesa wako anatafuta nini?"

Nélida alimtazama. Akatazama simu.

Analía, alipopigiwa, aliuliza maswali mengi. Sauti ya meseji imebanwa, alisema, si safi kama ya semina, na itaacha mkwaruzo. Lakini yawezekana, kama zipo za kutosha na kama ni ndefu. Vipande vya maneno matatu havisaidii sana. Programu inataka mtu aongee, atulie, apandishe, ashushe. "Je, alikutumia ndefu?"

"Baadhi."

"Hizo ndizo ninazozitaka. Zikatwe kelele, sauti za watu wengine zitolewe. Jimena anaijua programu ya kukata sauti, amesema atafanya."

Nélida alikata simu. Alijua ni zipi zilikuwa ndefu. Za mkate na mvua zilikuwa fupi. Elvira alikuwa anaongea kwa kirefu pale tu alipokuwa anamkaripia, na mwaka mzima uliopita alimkaripia juu ya jambo moja. Dakika nne, dakika sita, dakika tisa. Nélida alikuwa anamwandikia sumu kuhusu Jimena, na Elvira alikuwa anajibu kwa sauti. Zilikuwamo zote. Angeweza kuzitoa, abakishe za mkate. Alikaa na kidole juu ya kitufe kwa muda ambao hata yeye hakutaka kuupima. Kisha akazituma zote, bila kuchagua, kwa yule mtu ambaye ndiye aliyesemwa humo.

Jimena alifanyia kazi ile ofisini kwa Nélida, kwa sababu kompyuta yenye nguvu ilikuwa humo. Siku tatu alikaa mkabala naye na vipokea sauti masikioni. Nélida alijifanya anapanga fomu, huku akimtazama usoni kama mshitakiwa anavyomtazama hakimu. Jimena alikuwa anakunja uso, anatabasamu, anakunja tena. Siku ya pili alivua vipokea sauti.

"Bi Nélida."

"Naam."

"'Kifaranga' ni mimi?"

Nélida alifumba macho. "Ni wewe."

"Na 'mguu peku'?"

"Ni wewe pia."

"Hiyo ya pili ni kweli," Jimena alisema, akavaa vipokea sauti. Baada ya muda akavivua tena. Safari hii hakuuliza. Alichomoa waya, na sauti ya Elvira ikajaa ofisini, nzito, yenye subira iliyokaribia kwisha:

"Neli, nisikilize vizuri, maana sitarudia. Mwache Jimena. Mwache. Nina miaka sabini, nikifa nani atafundisha hivi vitabu, wewe? Wewe utawapa maji. Huo wivu wako wa kijinga utatuunguza sote siku moja. Hakuna mtu aliyechukua nafasi yako. Ungekuwa na akili ungejua, kila asubuhi wa kwanza kusikia sauti yangu ni nani? Si yeye. Haya, weka maji. Nakuja."

Jimena alirudisha waya. "Mimi hajawahi kunitumia hata moja," alisema, bila kumtazama. "Mimi ananiandikia baruapepe. Zinaanza na 'Mheshimiwa mwenzangu'." Akaendelea kukata. Ilimchukua Nélida dakika nzima kutambua kile alichokisikia katika sauti ya yule msichana. Alikijua sana. Alikuwa anaishi nacho.

Mwezi Mei, siku ya baridi ya kwanza, Rubén alipokea ujumbe ulioandikwa na Elvira: *Mlete.* Hakuna salamu. Nélida hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu siku ya ubao.

Jikoni walikuwapo Analía na Jimena, pekupeku juu ya vigae vya baridi. Elvira alikuwa ameketi mahali pake, amekonda, simu mbele yake. Hakumkaribisha Nélida, wala hakumfukuza. Aliandika kwa vidole viwili, taratibu, akabonyeza.

"Jimena," simu ikasema. "Angalia birika. Maji yasichemke."

Ilikuwa yeye. Ilikuwa na mkwaruzo, kama redio ya gari la zamani, lakini ilikuwa yeye, mzito, mwenye moshi. Jimena aliziba mdomo kwa mikono miwili, Analía akaanza kucheka na kulia pamoja. Nélida alishika mgongo wa kiti.

Yeye alisikia na kitu kingine ambacho wenzake hawakukisikia. Ile haikuwa sauti ya semina, sauti ya kusoma polepole mbele ya wanafunzi. Mashine haikuwahi kuisikia hiyo. Ilijifunza sauti ya asubuhi, ya kumkaripia karani, ya *mwache, mwache, weka maji*. Sauti ambayo duniani ilikuwa na sikio moja. Kuanzia leo Elvira ataisema na mwenye duka la nyama, na watu wa benki, na madaktari, na Jimena. Kila mtu ataamrishwa kwa ile namna ambayo ilikuwa yake peke yake, na ni yeye mwenyewe aliyeitoa, baada ya kuiacha ile nyingine ifutwe.

Wivu ukamchoma palepale, mbichi, kana kwamba hajajifunza kitu. Aliuona ukija na hakuwa na nguvu ya kuuzuia.

Elvira alikuwa anaandika tena. Safari hii alichukua muda.

"Neli," simu ikasema. "Bado sijakusamehe. Kaa. Leo utamiminiwa."

Nélida akakaa. Jimena alijaza kibuyu, akakizungusha vizuri mrija ukamwelekea mgeni, akampa. Nélida alikipokea kwa mikono miwili na kunywa, akitafuta kwa ulimi kosa lolote, joto lililozidi, majani yaliyoungua, chochote cha kushika.

Maji yalikuwa sawasawa kabisa.